Andiko la mradi likirudishwa: kosa huwa juu ya pale lilipoonekana

Mwanafunzi anarudishiwa andiko lake la mradi likiwa na neno moja jekundu kwenye ratiba: "Haitekelezeki." Anakaa nalo jioni nzima. Anahamisha wiki, anaongeza siku hapa, anapunguza kule, kisha anakusanya upya. Linarudi na neno lilelile. Nimesimamia miradi ya wanafunzi kwa muda mrefu, na hali hii ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi zaidi. Mwanafunzi hakuwa mzembe, ila alirekebisha mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Paa linapovuja, doa huonekana ukutani, lakini tundu liko kwingine, juu zaidi. Andiko la mradi liko hivyohivyo. Ratiba hutokana na mbinu, mbinu hutokana na malengo, na malengo hutokana na tamko la tatizo. Kosa likiwa kwenye tatizo, huteremka kimyakimya hadi chini na kujitokeza pale msomaji anapojaribu kuona kazi yenyewe itafanyikaje. Kwa hiyo, popote mwalimu alipoweka alama, kwanza panda sehemu moja juu uangalie huko. Ukikuta pako sawa, ndipo urudi pale penye alama.

Nitatumia andiko moja kuonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Lilihusu maji ya shule. Mwanafunzi alipewa wiki 6 za kufanya mradi mzima, kuanzia siku andiko litakapokubaliwa hadi siku ya kukusanya ripoti. Rasimu yake ya kwanza ilisema hivi: "Maji ni uhai. Shule yetu ina mabomba mabovu na haina fundi wa kuyatengeneza. Jambo hili husababisha upotevu mkubwa wa maji. Kwa hiyo mradi huu utatafuta fundi na kuhamasisha wanafunzi kutunza maji." Ikarudi na alama tatu: moja kwenye malengo, moja kwenye mbinu, na moja kwenye ratiba. Kwenye tamko la tatizo hapakuwekwa alama yoyote, na kosa lilikuwa hapohapo.

Dalili: "Tatizo ni lipi hasa?" au "Hapa umeandika suluhisho"

Soma tena sentensi yake: "haina fundi." Hilo ni suluhisho lililogeuzwa likavaa sura ya tatizo. Amekwisha kuamua kwamba dawa ni fundi, kisha akasema ugonjwa ni kukosa dawa. Kipimo chake ni rahisi. Kama tatizo lako linaanza na "hakuna", "ukosefu wa" au "haina", jiulize: kitu hicho kikiletwa kesho asubuhi, mradi utakuwa umebakiwa na nini cha kuchunguza? Kama jibu ni "hakuna kitu", huna tatizo la mradi, una ombi. Ombi hupelekwa ofisini, halihitaji andiko.

Dalili ya pili ya ugonjwa huohuo ni maneno yasiyo na kipimo. "Upotevu mkubwa" ni mkubwa kiasi gani? Ukilinganisha na nini? Mwandishi anayetumia "mkubwa", "mbaya" au "sana" kwa kawaida hajakwenda kutazama. Ndiyo sababu dawa ya tamko la tatizo haipatikani mezani. Unainuka, unakwenda mahali penyewe, unaangalia kwa siku mbili tatu kabla ya kuandika. Huo bado si utafiti. Ni kupata uhakika kwamba kitu unachotaka kukitafiti kipo.

Nilimwomba afanye hivyo, na alichorudi nacho kilibadili mradi wote. Alimuuliza mhudumu anayejaza tangi na akaambiwa kuwa tangi ni la lita 5,000, hujazwa saa 12 asubuhi, na linatarajiwa kufika saa 11 jioni. Akatazama kwa siku 3 mfululizo: siku zote tatu liliisha karibu saa 8 mchana. Kisha akayaendea yale mabomba mabovu aliyokuwa na hakika nayo. Yalikuwa matatu. Akakinga chupa ya nusu lita chini ya mojawapo na kushika saa. Ikajaa kwa dakika 10. Hiyo ni lita 3 kwa saa. Mengine mawili yalivuja kwa kasi inayokaribiana na hiyo.

Hapo tukapiga hesabu pamoja. Mabomba 3, lita 3 kila saa, kwa saa 8 ambazo tangi lina maji:

```
3 × 3 × 8 = lita 72
72 ÷ 5,000 = 0.0144, yaani chini ya asilimia 2
```

Fundi ambaye rasimu ya kwanza ilimtafuta angeokoa chini ya asilimia 2 ya maji. Mabomba yanayovuja huudhi macho, na ni vema yatengenezwe, lakini siyo yanayomaliza tangi. Chupa moja na saa vilitosha kuonyesha hivyo kabla hata andiko halijaanza. Kama angeendelea na rasimu yake, angetumia wiki 6 kupima kitu ambacho hakingeeleza chochote.

Tamko lake jipya la tatizo likawa hivi:

"Tangi la shule la lita 5,000 hujazwa saa 12 asubuhi na linatarajiwa kutosha hadi saa 11 jioni. Kwa siku 3 zilizoangaliwa, liliisha karibu saa 8 mchana, na vyoo pamoja na sehemu ya kunawia vikakaa takriban saa 3 bila maji. Uvujaji unaoonekana kwenye mabomba matatu unakadiriwa kuwa lita 72 katika muda huo, chini ya asilimia 2 ya maji yote. Haijulikani maji mengine yanatumika au kupotea wapi, na ni saa ngapi."

Lina sentensi nne, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inasema hali inavyotakiwa kuwa. Ya pili inasema hali ilivyo, na nani anaumia. Ya tatu inaondoa maelezo rahisi ambayo kila msomaji angeyakimbilia. Ya nne inataja kisichojulikana, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote, kwa sababu malengo yote yatachotwa humo. Andiko ambalo tamko lake la tatizo halina sentensi ya nne ndilo ambalo malengo yake huelea. Ile "Maji ni uhai" imeondoka. Hakuna aliyebisha.

Dalili: "Lengo hili halipimiki"

Malengo ya rasimu ya kwanza yalikuwa "kuelewa umuhimu wa maji", "kuhamasisha wanafunzi" na "kusambaza hojaji kwa wanafunzi". Alama ya mwalimu ilikuwa hapa, na mwanafunzi alifikiri tiba ni kubadilisha vitenzi. Ni kweli kwamba kupima, kuhesabu, kulinganisha na kubaini ni vitenzi vyepesi kushika kuliko kuelewa na kujua, kwa sababu mtu hawezi kuonyesha mezani kwamba ameelewa. Lakini ukibadili kitenzi tu utapata "kupima umuhimu wa maji", na hapo hujasogea hata hatua moja. Panda juu. Malengo hayakuwa na kitu cha kupima kwa sababu tatizo halikusema ni nini kisichojulikana.

Lengo la tatu lilikuwa na kasoro yake yenyewe. Kusambaza hojaji ni kitendo, na mahali pake ni kwenye mbinu. Njia ya kutofautisha ni kujiuliza, "Ili iweje?" Unasambaza hojaji ili ujue nini? Jibu la swali hilo ndilo lengo. Ukiuliza "Ili iweje?" na jibu likakurudisha kwenye tamko la tatizo, umefika.

Kutokana na "wapi" na "saa ngapi" za tatizo jipya, malengo mahususi yalijiandika karibu yenyewe. Lengo kuu: kubaini kinachomaliza maji ya tangi kabla ya saa 11 jioni. Chini yake alianza na haya: kupima maji yanavyoshuka tangini kila saa, kupima kama yanashuka hata wakati hakuna anayetumia, kuhesabu mara ngapi na kwa muda gani mabomba ya kunawia huachwa wazi wakati wa mapumziko, na la nne, kupima kama kuweka mwanafunzi wa zamu kwenye mabomba kunapunguza matumizi.

Hilo la nne linaonekana zuri, na hata mimi nilitaka libaki. Lakini lina kosa ambalo wanafunzi wengi hawalioni: linategemea jibu la lengo la tatu. Itakuwaje kama kuhesabu kutaonyesha kuwa mabomba hayaachwi wazi, na maji yanapotelea kwenye bomba lililopasuka chini ya ardhi? Zamu itakuwa haina kazi, na robo ya mradi itakuwa imekufa katikati ya safari. Malengo ya andiko moja yanapaswa kuweza kutekelezwa bila kujali majibu ya wenzake yatakuwaje. Likiwepo linaloanza na "endapo" moyoni mwake, liondoe, uliweke kwenye mapendekezo ya ripoti. Aliliondoa, akabaki na matatu. Kwa wiki 6 na mtu mmoja, matatu yanatosha kabisa.

Dalili: "Mbinu hazieleweki" au "Kwa nini hojaji?"

Sehemu ya mbinu ya rasimu ya kwanza ilikuwa sentensi moja: "Mradi utatumia hojaji, usaili na ushuhudiaji." Sentensi hii ingeweza kubandikwa kwenye andiko lolote duniani, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inataja vifaa bila kusema vitafanya kazi gani. Jaribio la kulitambua kosa hili ni kumpa mwenzako ukurasa wa mbinu peke yake na kumuuliza: kesho asubuhi ungeanza na nini, wapi, na ukiwa umeshika nini? Akishindwa kujibu, mbinu hazijaandikwa.

Mara nyingi chanzo kiko kwenye malengo, na hapa malengo yakiwa yamekwisha nyooka kazi ilikuwa rahisi. Chukua lengo moja, uliza linataka namba au maelezo gani, kisha tafuta kifaa cha kuyapata. Usianze na kifaa.

Lengo la kwanza linataka lita zinazoshuka kila saa. Tangi ni la duara na kipenyo chake ni mita 1.8. Kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni:

```
3.14 × 0.9 × 0.9 × 0.01 = 0.0254 m³, yaani takriban lita 25
```

Mhudumu, ambaye kupanda kwenye tangi ni sehemu ya kazi yake, atatumbukiza fimbo safi yenye alama za sentimita kila saa, na mwanafunzi akiwa chini ataandika. Hili lilitajwa waziwazi kwenye andiko, kwa sababu mwalimu yeyote makini angeuliza nani anapanda. Pia alitaja udhaifu wa kipimo: mtu akikosea sentimita moja, amekosea lita 25. Tangi linalomaliza lita 5,000 kwa saa 8 linashuka kwa wastani wa lita 625, yaani sentimita 25 hivi kila saa, kwa hiyo kosa la sentimita moja linavumilika. Kueleza udhaifu namna hii hakuliangushi andiko. Kunamwonyesha msomaji kwamba umekwisha jiuliza.

Lengo la pili ndilo nililolipenda zaidi. Wanafunzi huanza kufika baada ya saa 1 asubuhi, na tangi hujaa saa 12. Katika saa hiyo moja, mabomba yote yakifungwa na kukaguliwa, kina cha maji kitapimwa mwanzoni na mwishoni. Mabomba matatu yanayovuja yangetoa takriban lita 9 tu, ambazo fimbo haiwezi hata kuzionyesha. Kwa hiyo kina kikishuka kwa sentimita 3 au 4, kuna maji yanayokwenda mahali pasipoonekana: matangi madogo ya vyoo yasiyofunga, au bomba lililopasuka ardhini. Kisiposhuka, basi maji yanamalizwa na watu, na macho yote yahamie kwenye lengo la tatu.

Kwa lengo la tatu alikuwa bado ameng'ang'ania hojaji: "Je, huwa unafunga bomba baada ya kunawa? Ndiyo au Hapana." Nilimwomba awaulize wanafunzi kumi wa darasa lake. Wote kumi wakasema ndiyo. Alasiri ileile, wakati wa mapumziko, alikuta bomba linamwaga maji na hakuna mtu karibu. Mtu akiulizwa kuhusu tabia ambayo anajua ni njema, hujibu kama anavyopenda kuonekana. Hojaji inafaa kuuliza maoni, kero, au mambo ambayo ni mhusika pekee anayeyajua. Tabia inayofanyika hadharani huangaliwa kwa macho.

Hivyo akachagua ushuhudiaji, na hapo likaja suala ambalo huharibu data nyingi bila mtu kujua: kuachwa wazi maana yake nini? Aliyegeuka kumpisha mwenzake ameacha bomba wazi? Akaandika maana yake katika andiko: bomba limeachwa wazi iwapo maji yanatiririka na hakuna mikono wala chombo chini yake kwa zaidi ya sekunde 10. Karatasi yake ya kuandikia ikawa na safu nne tu: namba ya bomba, saa, sekunde lililobaki wazi, na kama limefunguliwa lote au nusu. Majina ya wanafunzi hayataandikwa popote.

Safu ya mwisho inahitaji maelezo. Ili kugeuza sekunde kuwa lita, lazima ujue kasi ya bomba. Alijaza ndoo ya lita 10 mara tatu bomba likiwa limefunguliwa lote, akapata sekunde 48, 52 na 50. Wastani ni sekunde 50, yaani lita 12 kwa dakika. Atapima hivyohivyo bomba likiwa nusu. Na hapo tazama ile namba ya kwanza tena: bomba moja lililofunguliwa lote na kuachwa kwa dakika 6 linamwaga lita 72, sawa na yale mabomba mabovu matatu kwa saa 8 nzima. Hilo nalo bado si jibu la mradi, maana hajui mabomba huachwa mara ngapi. Lakini linaonyesha kuwa swali lake lina uzito.

Jambo la mwisho kuhusu mbinu, ambalo hukosekana karibu kila andiko: utafanya nini na namba ukishazipata? "Data zitachambuliwa" si jibu. Yeye aliandika kuwa ataweka lita zilizoshuka kila saa kwenye jedwali kwa siku 5, atatafuta wastani wa kila saa, kisha ataziweka kando ya lita zilizokadiriwa kumwagika katika saa za mapumziko, aone zinaeleza sehemu gani ya mteremko. Ukiweza kuchora jedwali tupu lenye vichwa vya safu kabla ya kukusanya chochote, mbinu zako zimekamilika. Ukishindwa kulichora, kuna lengo ambalo halijapata mbinu, au kuna mbinu isiyo na lengo.

Dalili: "Andiko hili linasomeka kama ripoti"

Angalia viambishi vya wakati. Kazi ambayo haijafanyika huandikwa kwa -ta-: nitapima, itahesabiwa, zitalinganishwa. Ukikuta -li- katika sehemu ya mbinu, ama umechota sentensi kutoka kwenye ripoti ya mtu mwingine, ama umesahau kuwa hujaanza. Uchunguzi ule wa awali wa siku 3 pamoja na ile ndoo ndivyo pekee vinavyostahili -li-, kwa kuwa vimekwisha fanyika. Mwalimu huona jambo hili kwa haraka ya kushangaza.

Dalili: "Ratiba haitekelezeki"

Turudi kwenye alama iliyoanzisha yote. Ratiba ya kwanza iligawa wiki 6 sawasawa: wiki ya kusoma, wiki ya kutunga hojaji, wiki mbili za kukusanya data, wiki ya kuchambua, wiki ya kuandika. Inapendeza kwa macho, lakini hakuna kazi hata moja ndani yake unayoweza kuuliza, "Itachukua siku ngapi kweli?" Mbinu zilikuwa hazijasema kitu, kwa hiyo ratiba haikuwa na cha kupanga. Ndiyo maana kuhamisha wiki hakukusaidia.

Mbinu zikishaandikwa, ratiba hupangwa kwa kuanzia mwisho. Siku ya kukusanya ni Ijumaa ya wiki ya 6. Mwalimu anahitaji siku kadhaa kusoma rasimu ya ripoti, na mwanafunzi siku mbili za kurekebisha, kwa hiyo rasimu lazima ifike kwake Ijumaa ya wiki ya 5. Kuandika na kuchambua kunataka siku 7 za masomo, hasa kwa mtu mwenye vipindi vingine, kwa hiyo data iwe imekamilika kufikia Jumatano ya wiki ya 4. Kipimo chenyewe kinataka siku 5 kamili za masomo. Mpaka hapo tumefika katikati ya wiki ya 3, na bado hatujagusa maandalizi.

Maandalizi ndiyo yanayosahaulika. Kuna kibali cha mkuu wa shule na makubaliano na mhudumu wa tangi. Hayo hayategemei bidii ya mwanafunzi, yanategemea nafasi ya wengine, na hupewa siku 5 badala ya moja. Kuna jaribio la awali: wanafunzi wawili wanaangalia mabomba yaleyale kwa dakika 20, kila mmoja na karatasi yake, kisha wanalinganisha. Mmoja akihesabu mara 7 na mwingine 4, ile maana ya sekunde 10 haijaeleweka sawa na inabidi irekebishwe. Ratiba ikawa hivi:

```
Wiki 1           Barua ya kibali; makubaliano na mhudumu; kuandaa fimbo na karatasi
Wiki 2           Jaribio la awali; kurekebisha karatasi; kupima kasi ya mabomba
Wiki 3, Jumatatu hadi Jumatano   Siku za akiba
Wiki 3 Alhamisi hadi wiki 4 Jumatano   Kukusanya data, siku 5
Wiki 4 Alhamisi hadi wiki 5 Ijumaa     Kuchambua na kuandika rasimu
Wiki 6           Maoni ya mwalimu, marekebisho, kukusanya
```

Siku za akiba zimewekwa kabla ya kukusanya data, na hilo nililisisitiza. Kibali kikichelewa, zinameza ucheleweshaji. Kisipochelewa, data inaanza mapema na siku hizo zinahamia nyuma, tayari kwa siku ambayo maji hayakuja kabisa au mhudumu hakuwapo. Pia aliandika kuwa siku zisizo za kawaida, kama ya mitihani au ya michezo, hazitahesabiwa kati ya zile 5, kwa kuwa matumizi ya maji siku hizo hayafanani na ya siku nyingine. Hapo tukalazimika kuangalia kalenda ya shule, jambo ambalo ratiba ya kwanza haikuwahi kulihitaji.

Ukiwa na usiku mmoja tu kabla ya kukusanya upya

Usianze kupanga mistari ya jedwali. Andika upya tamko la tatizo kwa sentensi nne, hata kama unayo siku moja tu ya kilichotazamwa. Sema wazi kuwa ni siku moja. Kisha chukua karatasi nyingine, andika malengo yako upande wa kushoto, na kando ya kila moja andika namba au maelezo yatakayolijibu, kifaa, mahali, na idadi ya siku. Lengo ambalo mstari wake haujai, lifute usiku huohuo. Jumlisha siku za mistari iliyobaki, ongeza za kibali na za mwalimu kusoma. Zikizidi muda uliopewa, punguza lengo moja, usipunguze siku za kupima. Yule mwanafunzi wa maji aliporudisha andiko lake lilikuwa limepungua kutoka kurasa 6 hadi 4, na safari hii alama nyekundu ilikuwa moja, kando ya ile fimbo: "Mhudumu amekubali?" Barua ya makubaliano ilikuwa imekwisha andaliwa kwa ajili ya wiki ya 1.